Tiketi za Ofisi Nne, Daftari Moja

Kampuni ya mabasi ina ofisi Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma na Mwanza. Kila ofisi inakata tiketi zake, na kila tiketi ikikatwa kompyuta ya ofisi inaongeza mstari mmoja kwenye faili, saa ikitangulia. Kwa kuwa muda haurudi nyuma, kila faili inajipanga yenyewe bila kuguswa na mtu: tiketi za mapema juu, za baadaye chini. Jioni mhasibu anataka faili moja ya kampuni nzima, nayo iwe imepangwa kwa saa, maana kiti namba 12 kimeuzwa Dodoma na kimeuzwa pia Morogoro, na lazima ijulikane nani alitangulia kulipa.

Wengi wangebandika faili zote nne pamoja, moja chini ya nyingine, kisha waiambie kompyuta ipange upya kuanzia mwanzo. Kwa tiketi mia tatu hakuna ubaya, na kusema kweli hata mimi ningefanya hivyo. Ila ukifanya hivyo umeitupa kazi ambayo ofisi zimeshaifanya. Faili zilikuja zimepangwa tayari. Kilichobaki ni kuziunganisha tu, na kuunganisha ni kazi nyepesi kuliko kupanga.

Wepesi wake unatokana na jambo moja. Ikiwa kila orodha imepangwa, basi tiketi ya mapema kuliko zote zilizobaki lazima iwe juu kabisa ya mojawapo ya orodha hizo. Haiwezi kujificha katikati, kwa sababu iliyo juu yake kwenye orodha yake ingekuwa ya mapema zaidi. Kwa hiyo huna haja ya kutazama maelfu ya mistari. Unatazama vichwa vya orodha peke yake: ofisi nne, vichwa vinne. Unachagua kilicho kidogo, unakiandika kwenye daftari kuu, unavuta mstari unaofuata wa orodha ileile kuwa kichwa kipya, unarudia.

Hizi hapa ni tiketi za asubuhi moja ya mfano. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa kompyuta, ambapo 06:02 ni saa kumi na mbili na dakika mbili alfajiri.

```
Dar:       06:02  06:15  06:40  07:05
Morogoro:  06:10  06:11  06:50
Dodoma:    05:58  06:30  07:20
Mwanza:    06:05  06:12  06:13
```

Vichwa vya kwanza ni 06:02, 06:10, 05:58 na 06:05. Kilicho kidogo ni 05:58 cha Dodoma, kinaandikwa, na Dodoma inaleta 06:30. Sasa kidogo ni 06:02 cha Dar. Kinatoka, Dar inaleta 06:15. Inafuata 06:05 ya Mwanza, nayo Mwanza inaleta 06:12. Kisha Morogoro inatoa 06:10, inaleta 06:11, na hiyo 06:11 inatoka papo hapo kwa sababu bado ni ndogo kuliko vichwa vingine vyote. Hapa ndipo anayejaribu kwa mkono hukosea: anadhani zamu inazunguka, Dar, Morogoro, Dodoma, Mwanza. Hakuna zamu. Ofisi moja inaweza kutoa tiketi hamsini mfululizo huku nyingine zikingoja. Mwanza inatoa 06:12 na 06:13 zikifuatana, kisha faili yake inaisha, na kutoka hapo tunaendelea na vichwa vitatu hadi tiketi zote 13 ziwe zimeandikwa.

Kwa ofisi nne macho yanatosha kuchagua kilicho kidogo. Lakini wakiwa na vituo 1,000 vya wakala nchi nzima, kutafuta kidogo kati ya vichwa 1,000 ni kulinganisha mara 999, na hiyo ni kwa ajili ya kuandika mstari mmoja tu. Mistari ikiwa milioni moja, tunakaribia kulinganisha mara bilioni. Upuuzi wake ni kwamba karibu kila kitu tulichokijua muda mfupi uliopita bado ni kweli: vichwa 999 havijabadilika, kimebadilika kimoja tu, nasi tunavikagua vyote tena kana kwamba hatujawahi kuviona.

Foleni ya kipaumbele ndiyo inayokumbuka. Ni kama foleni ya hospitali ambapo anayeingia kwa daktari si aliyefika kwanza bali aliye mahututi zaidi. Kwetu sisi, mwenye saa ya mapema zaidi. Umbo linalotumika sana kuijenga ni lundo, ambalo J. W. J. Williams alilichapisha mwaka 1964. Lundo ni safu ya nafasi zenye namba. Nafasi ya 1 ina watoto wawili, nafasi ya 2 na ya 3. Nafasi ya 2 ina watoto katika nafasi ya 4 na ya 5. Na kwa jumla mwenye nafasi i ana watoto katika 2i na 2i+1. Sharti ni moja tu: mzazi asiwe mkubwa kuliko mtoto wake. Ndugu kwa ndugu hawana mpangilio wowote, na hilo si kasoro. Lundo linafanya kazi ndogo kadiri inavyowezekana ili nafasi ya 1 iwe na kidogo kuliko vyote, na haliongezi hata hatua moja zaidi ya hapo.

Tulitazame likifanya kazi. Mwanzoni vichwa vyetu vinne vimekaa hivi: nafasi ya 1 ina 05:58, ya 2 ina 06:02, ya 3 ina 06:10, ya 4 ina 06:05. Tunaandika 05:58, na mahali pake tunaweka 06:30 iliyoletwa na Dodoma. Sharti limevunjika, basi 06:30 lazima ishuke. Tunalinganisha watoto wake, 06:02 na 06:10. Mdogo ni 06:02, naye ni mdogo kuliko 06:30, kwa hiyo wanabadilishana nafasi. Sasa 06:30 ipo nafasi ya 2, mtoto wake pekee ni 06:05 katika nafasi ya 4, naye pia ni mdogo, wanabadilishana tena. Lundo limetulia: 06:02, 06:05, 06:10, 06:30. Kidogo kinachofuata kipo juu, tayari kuandikwa.

Kila hatua ya kushuka inavuka ngazi moja, na idadi ya ngazi haikui haraka kwa sababu kila ngazi inabeba mara mbili ya iliyo juu yake. Lundo la vichwa 1,000 lina ngazi 10, yaani hatua 9 za kushuka, na kila hatua inahitaji kulinganisha mara mbili. Badala ya mara 999 kwa kila mstari, tunalinganisha mara 18 tukizidisha sana. Anayeandika programu kwa Paithoni anaikuta kazi hii karibu imekamilika katika maktaba iitwayo `heapq`. Kiini chake ni mistari hii:

```python
while lundo:
    tiketi, i, faili = lundo[0]
    andika(tiketi)
    ijayo = next(faili, None)
    if ijayo is None:
        heapq.heappop(lundo)
    else:
        heapq.heapreplace(lundo, (ijayo, i, faili))
```

Hiyo `i`, namba ya ofisi, inaonekana kama pambo, na wanaoanza huiondoa. Subiri mpaka ofisi mbili zikate tiketi katika dakika moja. Saa zikilingana, Paithoni inaendelea kulinganisha kitu kinachofuata katika mabano. Bila namba ya ofisi inakuta faili, na faili mbili hazina kubwa wala ndogo, hivyo programu inakufa katikati ya kazi kwa kosa la `TypeError`. Jambo la kuudhi ni kwamba kwenye majaribio, ambako tiketi zilikuwa chache na saa zote tofauti, kila kitu kilikwenda sawa. Namba ya ofisi inamaliza ugomvi huo: zikilingana saa, ofisi yenye namba ndogo hutangulia, leo na kesho na kila utakapoiendesha tena.

Hadi hapa mtu anaweza kusema foleni ya kipaumbele imeokoa kulinganisha, na hapo ndipo maelezo mengi huishia. Nadhani hayo ni maelezo nusu. Tungeweza kuunganisha zile orodha 1,000 mbilimbili: zinakuwa 500, kisha 250, hadi inabaki moja baada ya raundi 10. Katika kila raundi kila mstari unalinganishwa takriban mara moja, kwa hiyo jumla ni kama mara 10 kwa mstari. Ni chache kuliko zile 18 za lundo! Ukihesabu kulinganisha peke yake, lundo halijashinda.

Faida iko mahali pengine. Katika njia ya mbilimbili kila mstari unasomwa na kuandikwa upya mara 10, wakati kwa lundo unasomwa mara moja na kuandikwa mara moja. Data ikiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tofauti hiyo haiumi sana. Ikiwa kwenye diski, hiyo ndiyo gharama yote.

Tuchukue faili moja kubwa ya gigabaiti 64 isiyopangwa, na kompyuta ambayo programu inaweza kutumia gigabaiti 4 tu za kumbukumbu. Haiwezi kuimeza yote. Inasoma gigabaiti 4, inazipanga, inaandika faili ya muda. Inasoma 4 nyingine. Mwisho zinapatikana faili 16 zilizopangwa. Sasa ni kuunganisha. Mbilimbili, 16 zinakuwa 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1: raundi nne, na kila raundi inasoma gigabaiti 64 na kuandika 64. Jumla zimepita gigabaiti 512. Kwa diski ya kuzunguka inayopitisha megabaiti 100 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 85. Ukiziunganisha zote 16 kwa mpigo, zinapita gigabaiti 128, kama dakika 21. Kichakata muda wote huo kinapiga miayo. Anayesubiriwa ni diski.

Jambo hili lilijulikana kabla lundo halijavumbuliwa. Kompyuta ya UNIVAC I, iliyoanza kazi Marekani mwaka 1951, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 1,000 yenye herufi 12 kila moja, na data yake ilikaa kwenye mikanda ya sumaku. Mkanda hausomwi kwa kurukaruka. Unausokota kutoka mwanzo. Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioandaa programu za kompyuta ya ENIAC, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 programu iliyokuwa ikizalisha programu nyingine za kupanga na kuunganisha mikanda hiyo. Kila raundi iliyopunguzwa ilimaanisha kuzungusha mikanda mara moja pungufu.

Leo kazi ileile inafanywa na amri ya `sort` iliyomo katika kila kompyuta yenye Linuksi. Ukiipa faili kubwa kuliko kumbukumbu, inafanya kama tulivyoeleza, vipande na faili za muda, kisha inaunganisha. Na kama faili zako zimepangwa tayari, kama zile za ofisi zetu nne, unaiambia isipoteze muda kupanga:

```
LC_ALL=C sort -m dar.txt moro.txt dodoma.txt mwanza.txt > siku.txt
```

Inachekesha kidogo kwamba `sort` ya mradi wa GNU haitumii lundo katika hatua hiyo ya kuunganisha faili. Kwa kawaida inaunganisha faili 16 kwa wakati mmoja, isipoambiwa vingine, na vichwa vyake imeviweka katika safu ndogo iliyopangwa kabisa. Kichwa kipya kinatafutiwa nafasi kwa kugawanya safu nusu kwa nusu, kisha wengine wanasogezwa. Kwa vichwa 16 kusogeza huko hakuna uzito. Bado ni foleni ya kipaumbele, ila imejengwa kwa umbo jingine. Walioiandika hawakutafuta umbo linalosifiwa vitabuni. Walitafuta linalofaa kwa 16.

Kwa nini basi wasiunganishe faili 4,000 kwa mpigo? Ugumu wa kwanza ni mfumo wenyewe: mara nyingi Linuksi hairuhusu programu moja kufungua zaidi ya faili 1,024 kwa pamoja, na ukizidisha unapata ujumbe wa `Too many open files`. Hilo linarekebishika. La pili ni gumu zaidi. Hakuna anayesoma diski mstari kwa mstari. Kila orodha hupewa sehemu ya kumbukumbu, na diski huijaza kwa mkupuo. Gigabaiti 4 zikigawiwa orodha 16, kila moja inapata karibu megabaiti 250. Zikigawiwa orodha 4,000, kila moja inapata megabaiti 1. Diski ya kuzunguka inatumia kama milisekunde 10 kupeleka kichwa chake mahali papya, na kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde inatumia milisekunde 10 hizohizo kusoma megabaiti 1. Nusu ya muda wote inakwenda kwenye kutafuta mahali. Orodha zikizidi hapo, ni nafuu kufanya raundi mbili zenye orodha chache kuliko raundi moja yenye utitiri. Kwa diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani, mpaka huo uko mbali zaidi.

Kuna sharti ambalo njia nzima inalitegemea na ambalo haijikagui yenyewe: kila orodha iwe imepangwa kweli. Umeme ukikatika Dodoma na saa ya kompyuta ikarudi nyuma, faili yake inaweza kuwa na 06:30 kisha 06:07. Muunganisho hautalalamika. Utaandika 06:30 mahali pake, kisha 06:07 itatokea kama kichwa na kuandikwa mara moja, baada ya 06:30, mahali pasipo pake. Dalili ni rahisi kuiona ukiitafuta: katika faili ya mwisho kuna mahali saa inashuka. Programu nzuri inakumbuka mstari wa mwisho iliouandika, na ikikuta unaofuata ni mdogo inasimama na kutaja ofisi iliyouleta. Anayetumia `sort` anaweza kukagua kila faili kabla ya kuunganisha:

```
$ LC_ALL=C sort -c dodoma.txt
sort: dodoma.txt:3: disorder: 06:07
```

Kosa likielekea upande wa pili ni baya zaidi. Tuseme saa ya Mwanza ilikosewa asubuhi na tiketi yake ya kwanza ikaandikwa 23:59, kisha fundi akairekebisha. Kichwa cha Mwanza kinaingia kwenye lundo kikiwa 23:59, kinazama chini, na hakitoki mpaka ofisi nyingine zote zimalize. Nyuma yake zimefungiwa tiketi zote za Mwanza za siku nzima, zilizo sahihi. Mhasibu akifungua faili anaona Mwanza haikuuza chochote, kisha mwishoni kabisa anaikuta imemwagwa yote kwa pamoja. Ukiona ofisi moja imepotea katikati ya siku na kuibuka mwishoni kama bonge, usiilaumu foleni. Fungua faili ya ofisi hiyo na utazame mistari yake ya kwanza.

Halafu kuna kosa lisiloonekana kwa ukaguzi wowote wa aina hii. Kampuni ikifungua ofisi Lubumbashi, saa ya huko iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Tiketi iliyokatwa Lubumbashi saa 06:20 ya kwao ilikatwa wakati Dar ni 07:20. Kila faili imepangwa, faili ya mwisho imepangwa, `sort -c` inanyamaza, lakini mpangilio ni wa uongo, na ule ugomvi wa kiti namba 12 unaamuliwa vibaya. Dawa ni kila ofisi kuandika saa ya kimataifa ya UTC, na tarehe ikianza na mwaka, kwa mfano `2024-11-03T04:20`. Ikianza na siku, 03/11 itapangwa mbele ya 28/10, kwa kuwa kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi kutoka kushoto.

Yote haya yamechukulia kwamba siku imeisha na faili zimefungwa. Mambo yanabadilika mhasibu akitaka kuona daftari kuu likijiandika moja kwa moja wakati tiketi zinaendelea kukatwa. Foleni inaweza kutoa kilicho kidogo ikiwa tu kila ofisi ina kichwa ndani yake. Mtandao wa Mwanza ukikatika, lundo halijui kama huko hakuna tiketi au ipo ya 06:14 njiani, na kwa hiyo haliwezi kutoa 06:15 ya Dar hata kama iko mbele ya macho yake. Ofisi moja iliyonyamaza inazisimamisha zote. Ndiyo maana katika mifumo ya namna hii kila ofisi hutuma ujumbe hata isipokuwa na mauzo: hadi 06:20 sina kingine. Ujumbe huo unaingia kwenye lundo kama kichwa cha kawaida, unashika nafasi ya Mwanza, na tiketi za wengine zilizo kabla ya 06:20 zinaruhusiwa kupita. Ukifika juu, hauandikwi popote. Unaondolewa, na Mwanza inadaiwa ujumbe mwingine. Kampuni inabaki na uamuzi mmoja ambao foleni haiwezi kuufanya kwa niaba yake: ofisi ikikaa kimya dakika ngapi ndipo iachwe nyuma, na tiketi zake zikija zimechelewa ziandikwe wapi.